*Darsa ya 13: "Kujua" mbili za Qurani: alima na arafa*



Ndugu zangu, wazee wangu na mama zangu, natumai daku ilikwenda salama. Leo tunaacha kidogo masuala ya fiqhi, tunaingia kwenye lugha. Kuna swali nimeulizwa na mmoja wa wanafunzi wa darsa la baada ya alasiri. Alisema: "Sheikh, nikisoma tafsiri naona neno kujua, kujua, kujua. Lakini nikitazama upande wa Kiarabu, mara ni *yaalamuna*, mara ni *yaarifuna*. Si kitu kimoja?"

Jibu fupi: si kitu kimoja. Jibu refu ndilo darsa letu la leo. Na kabla hatujamaliza utaona kwamba tofauti hii ina kazi kwenye mfuko wako wa sadaka, si kwenye daftari la nahau peke yake.

*Tuanze nyumbani, kwenye Kiswahili*

Sisi tuna neno "kujua", na tunalibebesha mizigo miwili. Tunasema "Namjua Hamisi", na tunasema "Najua kwamba Hamisi amesafiri". Neno ni lile lile, lakini hebu tazama vizuri. Katika la kwanza, umeshikana na mtu mwenyewe. Ukimuona sokoni kati ya watu 100, utamnyooshea kidole. Katika la pili, umeshika habari fulani kuhusu yeye. Inawezekana kabisa ukajua kwamba Hamisi amesafiri na hujapata kumuona Hamisi hata siku moja.

Mwarabu ameigawa mizigo hii. Wa kwanza, kumtambua mtu au kitu chenyewe na kukitenga na vingine, asili yake ni *arafa*. Wa pili, kujua jambo lilivyo, asili yake ni *alima*. Kutokana na arafa sisi tumepata maarifa, maarufu, taarifa na kuarifu. Kutokana na alima tumepata elimu, mwalimu, maalumu na ulamaa. Kwa hiyo mzizi wote wawili upo mdomoni mwetu kila siku, ila hatuutazami.

Sasa njia rahisi ya kuyatofautisha maneno mawili yanayokaribiana ni kuuliza: kinyume chake ni nini? Kinyume cha alima ni *jahila*, kutojua, ujinga wa jambo. Kinyume cha arafa ni *ankara*, kutomtambua mtu au kitu, kukiona kigeni, na pia kukikana. Ndiyo maana tunasema "kuamrisha maarufu na kukataza munkari". Maarufu ni lile ambalo sheria na akili timamu zinalitambua kuwa jema, na munkari ni lile zinalolikataa kama mgeni asiyekaribishwa. Na wale waliosoma nahau madrasa wanakumbuka: jina linaloeleweka ni lipi hasa huitwa *maarifa*, na lisilobainishwa huitwa *nakira*. Jozi ni ile ile.

*Tuende Misri, kwa Nabii Yusuf*

Mahali pazuri pa kuiona tofauti hii ni Sura Yusuf, sura ya 12, kwa sababu kisa chote kimejengwa juu ya nani anamtambua nani, na nani anajua nini.

Aya ya 58. Njaa imeingia, ndugu zake Yusuf wamekuja Misri kutafuta chakula. Wanaingia mbele yake. Qurani inasema yeye *aliwaarafa*, na wao kwake walikuwa *munkiruun*. Ona jozi ile: arafa upande mmoja, ankara upande wa pili, ndani ya aya moja.

Kwa nini haikutumika alima hapa? Kwa sababu suala si habari. Habari za Yusuf ndugu zake walikuwa nazo tele: wanajua ana baba gani, wanajua kisima walichomtupa, wanajua kanzu waliyoipaka damu. Kilichokosekana ni kuuoanisha uso uliopo mbele yao na mtu wanayemjua. Walimuacha mtoto, wamemkuta mtu mzima, yuko kwenye madaraka, katika nchi ambayo hawakumtarajia. Yeye aliwaacha wakiwa watu wazima, sura zao hazikubadilika sana, na wameingia kikundi, ndugu pamoja. Alama zilikuwepo kwake, kwao hazikuwepo. Na arafa inakwenda kwa alama.

Aya ya 62 inalithibitisha hili. Yusuf anawaambia vijana wake wairudishe mali ya wale ndugu ndani ya mizigo yao, ili wakifika kwa watu wao *waitambue*. Kitenzi ni kile kile, arafa. Mtu akifungua mzigo akakuta mali aliyokwisha kuitoa kulipia chakula, anaitambua kwa kuiona. Hahitaji kuelezwa.

Sasa shuka mpaka aya ya 89. Ndugu wamerudi, wamedhoofika, wanaomba wafanyiwe hisani. Yusuf anawauliza swali: je, *mmejua* mliyomfanyia Yusuf na ndugu yake, pale mlipokuwa *jaahiluun*? Hapa kitenzi kimebadilika. Ni alima, na mwisho wa aya kinyume chake kimekuja vile vile, ujahili. Kwa nini? Kwa sababu sasa hawaulizwi kuhusu sura ya mtu. Wanaulizwa kuhusu jambo: kitendo kile, ubaya wake, na kilikofikia. Kitendo walikifanya kwa mikono yao wenyewe, kwa hiyo kukitambua wanakitambua. Lakini je, wanajua *kilikuwa nini*? Hilo ndilo swali la alima.

Halafu ajabu inakuja aya ya 90. Baada ya kuulizwa swali la ujuzi, ndipo utambuzi ulipofunguka: wakasema, kumbe wewe ndiye Yusuf! Nani mwingine Misri angeweza kuuliza swali lile? Lile swali lenyewe lilikuwa alama.

Kwa hiyo aya mbili za sura moja, 58 na 89, zimekupa somo zima: arafa na ankara kwa mtu, alima na jahila kwa jambo.

*Kidogo nahau, msinikimbie*

Waliosoma Ajurumiyya wanajua mlango wa "dhanna na ndugu zake". Ni vitenzi vinavyotaka vitendwa viwili. Alima ni mmoja wao. Ukisema *alimtu Zaydan* ukanyamaza, kwa maana hii ya alima msikilizaji anabaki anakutazama: umemjua Zaydi kuwa nini? Mpaka useme *alimtu Zaydan kariiman*, nilijua Zaydi kuwa ni mkarimu. Kitendwa cha kwanza ni Zaydi, cha pili ni ukarimu wake. Arafa haitaki hivyo. *Araftu Zaydan*, nilimtambua Zaydi, basi, maneno yametimia.

Tazama nahau hii inavyobeba hukumu nzito. Sura Al-Mumtahina, sura ya 60, aya ya 10. Baada ya mkataba wa Hudaybiya walikuja wanawake Madina wakisema wamesilimu na wamehama. Waumini wakaamrishwa wawajaribu, na aya inasema Allah ndiye Mjuzi zaidi wa imani zao. Kisha ikaja: *mkiwajua kuwa ni waumini*, msiwarudishe kwa makafiri. Kitenzi ni alima, na vitendwa ni viwili: "wao" na "waumini".

Lingekuwa suala la arafa peke yake, ingetosha kusema: huyu ni binti wa fulani, tunamtambua, alikuwa jirani yetu Makka. Hilo halikuwa na faida kwake. Mwanamke huyu hakuhitaji kutambuliwa uso, alihitaji ithibitike sifa yake, kwamba ni muumini, kwa sababu juu ya sifa hiyo ndiyo ilisimama hatima yake ya kubaki au kurudishwa. Kitendwa kimoja kimeongezeka, na maisha ya mtu yamebadilika.

Lakini nisikudanganye kwamba huu ni ukuta usiopitika. Alima huja pia na kitendwa kimoja, na Ibn Malik katika Alfiyya yake amelitaja hilo: alima ikiwa kwa maana ya irfani, yaani kutambua, inachukua kimoja tu. Mfano upo Sura At-Tawba, sura ya 9, aya ya 101, kuhusu wanafiki wa Madina: Mtume (s.a.w.) anaambiwa wewe huwajui, Sisi tunawajua. Kitenzi ni alima na kitendwa ni kimoja, "wao". Kwa hiyo kila arafa ni aina ya alima, lakini si kila alima ni arafa. Alima ni pana, arafa ni sehemu mahususi ndani yake. Hivi ndivyo alivyoeleza Abu Hilal al-Askari katika kitabu chake cha tofauti za maneno, Al-Furuq.

*Je, arafa ni daraja ya juu kuliko alima?*

Utasikia kwenye mawaidha: "Elimu ni ya kichwani, maarifa ni ya moyoni, na maarifa ni bora." Maneno matamu, lakini yapime kwa Qurani kwanza.

Sura Al-Baqara, aya ya 146. Waliopewa Kitabu *wanamtambua* kama wanavyowatambua watoto wao. Kitenzi ni arafa, mara mbili. Mfano umechaguliwa vizuri mno, maana mzazi hahitaji ushahidi kumtambua mwanawe. Anamjua kwa kikohozi, kwa hatua za miguu gizani. Wale walizisoma sifa kwenye vitabu vyao, na alipokuja mwenye sifa hizo, alama zikakaa sawasawa.

Kisha aya hiyo hiyo inamalizia: na hakika kundi miongoni mwao wanaificha haki, *na hali wanajua*. Hapa kimekuja kitenzi cha alima. Kwa nini kimebadilishwa? Kwa sababu sasa haitajwi sura ya mtu wala alama zake, inatajwa haki wanayoificha, na kwamba wanajua ni haki na wanajua wanaificha. Arafa ilikuwa ya kumtambua, alima ni ya kuwafungia mlango wa udhuru. Hawawezi kusema "hatukujua".

Umeona basi? Arafa ilikuwepo, imani haikuwepo. Sura An-Nahl, aya ya 83, vile vile: wanaitambua neema ya Allah, kisha wanaikana. Arafa kisha ankara, kwa makusudi. Kwa hiyo arafa si cheo cha moyo peke yake. Ni kutambua, na mtu anaweza kutambua kisha akageuza uso. Lakini pia ipo arafa ya waliotambua wakalia: Sura Al-Maida, aya ya 83, macho yao yanabubujika machozi kwa yale *waliyoyatambua* katika haki. Kitenzi kimoja, watu wawili, na tofauti ni kile walichofanya baada ya kutambua.

*Kwa nini Allah anaitwa Al-Alim?*

Hapa tofauti inaonekana wazi kuliko kote. Katika majina mazuri tunasema Al-Alim, na Qurani inamtaja Mjuzi wa ghaibu kwa alima. Hatusemi Al-Arif. Mja ndiye anayeitwa *aarif billah*, mwenye kumtambua Allah.

Raghib al-Isfahani, katika Mufradat, ametoa sababu. Maarifa ni kukidiriki kitu kwa kufikiri na kuzingatia athari yake. Yaani kwanza ilikuwepo hali ya kutotambua, kisha ukaona alama, ukafikiri, ukafika. Ujuzi wa Allah hauna "kwanza sikujua". Hakuna alama anayoihitaji. Ndiyo maana husemwa Allah *yaalamu* jambo kadhaa, na mja *yaarifu* Mola wake, kwa sababu mja anafika kwa kuzingatia athari: mvua, mimea, kuumbwa kwake mwenyewe, wala hamzunguki Mola wake kwa ujuzi.

Mtu akikuletea hadithi ya Ibn Abbas, kwamba mja akijenga ujuano na Allah wakati wa raha, Allah atamjua wakati wa dhiki, na kitenzi katika riwaya hiyo ni arafa pande zote mbili, usibabaike. Ibn Rajab ameifafanua: haikusudiwi kwamba Allah alikuwa hajui kisha akajua. Inakusudiwa ujuano maalumu, wa ukaribu na kuitikiwa dua. Ni kama sisi tunavyosema "yule bwana ananijua", tukikusudia hataniacha nikikwama.

*Sasa sadaka yako*

Mwezi huu wengi tunatoa. Msikiti una orodha, kamati ina vifurushi vya unga, mchele na tende. Fungua Al-Baqara aya ya 273 uone vitenzi vyetu vinavyofanya kazi.

Aya inataja mafakiri waliozuiliwa katika njia ya Allah, wasioweza kwenda huku na huko kutafuta riziki. Wafasiri wengi wanawataja watu wa Suffa, waliokaa msikitini kwa Mtume (s.a.w.). Kisha inatuonesha watu wawili wanaomtazama fakiri yule yule.

Wa kwanza ni *jaahil*, asiyejua hali. Yeye *anawadhania matajiri*, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Kitenzi ni *hasiba*, ndugu wa dhanna, chenye vitendwa viwili: "wao" na "matajiri". Yaani amewaangalia mara moja, akatoa hukumu kamili: hawa wana uwezo. Hukumu ipo, lakini haina utambuzi chini yake.

Wa pili ni wewe. *Unawatambua kwa alama zao.* Kitenzi ni arafa, kitendwa kimoja. Hujatoa hukumu ya haraka, umetazama alama. Wao hawaombi watu kwa kung'ang'ania, kwa hiyo mdomo wao hautakupa habari. Ukisubiri habari, yaani alima ya kuambiwa, hutawapata kamwe. Njia pekee iliyobaki ni arafa.

Na alama ni nini? Tuchukue mtaa wetu. Kuna baba ambaye kila mwaka huleta bakuli la uji futari ya msikitini, mwaka huu anakuja mikono mitupu na anakaa pembeni. Kuna mama ambaye jiko lake lilikuwa likitoa moshi tangu alasiri, sasa halitoi. Kuna mwalimu ambaye kanzu yake ni safi, imenyooshwa, lakini ni ile ile tangu mwezi mosi. Hakuna hata mmoja wao aliyejiandikisha kwenye orodha. Ukipita haraka utasema: huyu yuko vizuri, kanzu yake imenyooka. Hiyo ni hasiba. Ukikaa karibu, ukamsalimia, ukatazama siku tatu nne, utaona. Hiyo ni arafa.

Lakini angalia mpaka wake. Alama inakupa utambuzi, haikupi uhakika wa kila kitu. Ukitambua, usimtangaze na usimhoji mbele za watu kutafuta ushahidi, maana utavunja ile sitara ambayo aya imemsifu kwayo. Mfikishie haki yake kimya kimya. Kwa zaka ya faradhi, mpe jina lake mzee mmoja muaminifu wa kamati, naye athibitishe kwa siri kwamba anastahiki, kisha ifike mlangoni kwake usiku, siyo kwenye foleni yenye kamera.

Na tazama aya inavyofunga: kheri yoyote mnayoitoa, Allah kwayo ni *Aliim*. Wewe uliarafa, kwa macho na alama, na yawezekana alama ikakupita. Yeye anaalamu, bila alama. Kwa hiyo huna haja ya mtu mwingine ajue.

*Kazi ya leo*

Baada ya tarawehe, chukua msahafu. Soma Sura Yusuf kuanzia aya ya 58 hadi 96. Kila ukikuta herufi za ain, ra, fa, jiulize: ni nani au nini kimetambuliwa, na kwa alama gani? Kila ukikuta ain, lam, mim, jiulize: ni jambo gani linajulikana? Kisha ukifika aya ya 86, Nabii Yaqub anaposema anajua kutoka kwa Allah wasiyoyajua wao, jiulize kwa nini hapo ni alima na si arafa. Mwenye jibu alete kwenye darsa la baada ya alasiri, inshallah. Wanawake watume kupitia ustadhati wetu kama kawaida.

Ewe Mola, tufunze tusiyoyajua, tupe macho ya kuwatambua waja wako wanaojisitiri, na usitujaalie miongoni mwa waliotambua kisha wakakana. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.